Somo: Dakika mbili za mwanzo, kwa anayesimama mbele ya timu mara ya kwanza

Assalaam aleikum wanachama. Wengi mmeomba somo la namna ya kujiandaa kuzungumza mbele ya wenzenu kazini, hasa nyinyi ambao mkiambiwa tu "wiki ijayo utatueleza" usingizi unakatika. Nitalieleza kwa mfano mmoja tangu mwanzo hadi mwisho, ili muone kila hatua inavyofanyika.

Mfano wenyewe ni huu. Dada mmoja hapa Amu anaweka hesabu za mafuta katika kampuni ndogo ya boti zinazovusha abiria kati ya gati ya Amu na Mokowe. Meneja amemtaka Jumatatu asubuhi azungumze kwa dakika kumi mbele ya manahodha na watu wa ofisini, jumla watu tisa. Wengi wao ni wanaume waliomzidi umri. Hajawahi kusimama mbele ya kikao.

Kabla ya hatua zenyewe, jueni woga huu unavyokwenda. Mwili ukihisi kwamba unatazamwa na kupimwa, humwaga adrenalini. Moyo unapiga mbio, pumzi inakuwa fupi na ya juu kifuani, mate yanapungua, mikono inatetemeka. Kwa watu wengi hali hii hufika kileleni karibu na wakati wa kuanza, yaani dakika ile ya kusubiri kuitwa na dakika moja au mbili za mwanzo wa maneno. Baada ya hapo hushuka yenyewe, ukiendelea kuzungumza. Ndiyo maana nawaambia muandae mwanzo kwa uangalifu mkubwa kuliko sehemu nyingine yoyote. Ukivuka hapo salama, mwili wenyewe unakusaidia.

Hatua ya 1: Jua unataka wafanye nini wakitoka pale

Dada yetu alikuwa na kurasa sita za hesabu. Nilimuuliza: wakishuka ngazi kurudi gatini, wafanye nini tofauti? Akafikiri, akajibu mambo mawili: boti isikimbizwe kwa kasi ya mwisho pasipo haja, na kila nahodha aandike lita anazotia pamoja na idadi ya safari. Basi hayo mawili ndiyo mazungumzo yake. Kurasa sita zikabaki mkobani, zitoke tu akiulizwa.

Mtu mwenye hofu hupenda kujaza mambo mengi ili asionekane hajui. Matokeo yake anakimbiza maneno, pumzi inazidi kukatika, na woga unaongezeka.

Hatua ya 2: Andika sentensi za mwanzo, uzihifadhi neno kwa neno

Hizi ndizo zake:

"Assalaam aleikum. Wazee wangu, shikamooni. Mwezi uliopita tumechoma lita 900 za petroli. Mwezi wa kabla yake tulichoma lita 760, na safari zilikuwa zilezile. Leo naomba tukubaliane mambo mawili ya kuzirudisha lita hizo 140."

Sentensi ni fupi, kila moja inatoka kwa pumzi moja. Salamu imetangulia, na ina faida ya ziada: wazee wanaitikia, naye anapata nafasi ya kuvuta hewa. Jambo lenyewe limeingia mapema. Na hakuna "samahani, mimi si mzungumzaji mzuri". Maneno hayo yaondoeni kabisa, kwa sababu yanawafanya watu waache kufuata lita na kuanza kutafuta makosa yako.

Lakini hifadhi mwanzo tu, pamoja na sentensi moja ya kumalizia. Usihifadhi yote. Aliyekariri dakika kumi nzima akipotewa na neno moja hupotewa na yote yaliyofuata. Sehemu ya kati iwekwe kwenye kadi moja ngumu kwa maneno machache makubwa. Yake iliandikwa: *760 → 900*, *kasi ya mwisho*, *daftari la kila boti*, *nani aanze?* Kadi iwe ngumu, kwa sababu karatasi nyepesi hutetemeka mkononi hata ukitetemeka kidogo tu, nawe ukiiona ndiyo unazidi.

Hatua ya 3: Fanya mazoezi kwa sauti, umesimama

Hapa ndipo wengi hujidanganya. Kusoma kimoyomoyo kitandani hakuandai mdomo wala pumzi, tena macho husoma haraka kuliko mdomo unavyosema. Simama, weka saa ya simu, sema kwa sauti ileile utakayoitumia. Ukipewa dakika kumi, lenga nane, kwa kuwa maswali na kicheko hula muda.

Dada alianza peke yake darini jioni. Siku ya pili alimweka mdogo wake mbele yake. Siku ya tatu walikuwa shangazi na jirani wawili. Mpangilio huu wa kupanda kidogo kidogo una sababu: kila mara mwili unapoona umetazamwa na hakuna baya lililotokea, kengele yake ya hatari hulia kwa sauti ndogo zaidi safari inayofuata. Kinyume chake ni kweli pia. Ukimwomba mwenzako akusemee, unapata nafuu siku hiyo, lakini safari nyingine hofu inakuja kubwa zaidi.

Kuna kipimo cha kujua kama umeiva. Mwambie msikilizaji akukatize katikati kwa swali lolote. Ukijibu na kuendelea pale ulipoachia, jambo umelielewa. Ikiwa huna budi kurudi mwanzo, basi umekariri. Rudi kwenye kadi na ueleze kila neno lake kwa maneno mapya.

Kama inawezekana, zoezi moja lifanyike ndani ya chumba chenyewe cha kikao. Simama pale utakaposimama, jua mlango uko upande gani, feni inapiga kelele kiasi gani, na mtu wa nyuma anakusikia au hakusikii.

Hatua ya 4: Asubuhi ya siku yenyewe

Kula kitu chepesi. Kahawa chungu ya kawaida yako haina neno, lakini usiongeze vikombe ukidhani vitakupa ujasiri. Kafeini hubaki mwilini kwa saa nyingi, na mapigo ya moyo na mtetemeko inaoleta huwezi kuutenga na wa woga.

Dakika kumi kabla ya kuitwa, kaa mahali pa utulivu upumue hivi: vuta hewa kwa pua ukihesabu nne, itoe taratibu ukihesabu sita. Hiyo ni kama pumzi sita kwa dakika. Endelea kwa dakika tano. Kazi kubwa inafanywa na ile pumzi ndefu ya kutoa, kwani moyo hupunguza mwendo tunapotoa hewa. Pumzi iwe tulivu, isiwe ya kujaza kifua hadi pomoni. Ukihisi kizunguzungu au ganzi kwenye midomo na vidole, unavuta hewa nyingi mno. Punguza kiasi, acha mwendo uwe uleule. Na tafadhali lijaribuni zoezi hili siku kadhaa kabla, lisiwe geni siku hiyo.

Msitegemee kwamba moyo utatulia kabisa. Alison Wood Brooks, mtafiti wa chuo cha Harvard, alichapisha mwaka 2014 majaribio yaliyoonyesha kwamba watu waliojiambia "nimesisimka" kabla ya kuhutubia walifanya vizuri kuliko waliojiambia "nimetulia". Mwili ulioamka ni rahisi kuuelekeza kwenye hamu ya kusema kuliko kuulazimisha ulale.

Hatua ya 5: Kusimama

Ukiitwa, tembea bila haraka. Weka nyayo zote mbili chini. Tafuta uso mmoja unaokutakia heri. Toa pumzi yote, acha mpya iingie yenyewe, ndipo useme salamu. Anza polepole kuliko unavyotaka, maana adrenalini itakuharakisha tu.

Sasa maswali mliyoyaleta.

Swali: Nikipotewa kabisa katikati, nifanyeje?

Nyamaza, tazama kadi, pumua mara moja. Kimya cha sekunde tatu kwako ni kirefu sana, kwa msikilizaji ni mtu anayefikiri. Kisha rudia jambo la mwisho ulilosema: "Nimesema lita zimeongezeka 140." Mara nyingi linalofuata huja lenyewe. Lisipokuja, ruka kwenye neno linalofuata kadini. Hakuna anayejua mpangilio wako.

Swali: Wote wanaona ninavyotetemeka. Nitaficha vipi?

Wanaona kidogo kuliko unavyodhani. Savitsky na Gilovich walilipima jambo hili mwaka 2003: wazungumzaji walijiona wana wasiwasi unaoonekana zaidi kuliko wasikilizaji walivyouona. Na waliojulishwa hivyo kabla ya kuzungumza walitoa hotuba nzuri zaidi. Kwa hiyo usipoteze nguvu kuficha. Shika kadi kwa mikono miwili, viwiko karibu na mbavu, uendelee.

Swali: Ninachoogopa hasa ni nahodha mmoja mzee. Atanipinga mbele ya watu, na mimi ni mtoto kwake.

Mfuate siku moja kabla, gatini, wakati hana abiria. Mwambie: "Mzee wangu, shikamoo. Kesho nitazungumzia mafuta, nimeona nikuonyeshe hesabu kwanza. Wewe unaonaje?" Dada yetu alifanya hivyo, na mzee akamweleza kwamba nyakati za bamvua mkondo huwa mkali na boti hula mafuta zaidi hata bila kukimbizwa. Hilo halikuwamo kwenye hesabu. Akaliweka kadini, na kikaoni akasema limetoka kwa mzee. Pingamizi liligeuka sehemu ya mazungumzo.

Swali: Kikao changu ni mchana wa Ramadhani. Kinywa hukauka na siwezi kunywa maji.

Omba kiwekwe asubuhi, karibu na daku. Pumua kwa pua unaposubiri na kila unaponyamaza, kwa sababu kupumua kwa mdomo ndiko kunakokausha zaidi. Sentensi fupi zitakusaidia hapa pia. Ukihisi ulimi umenata, uguse kwenye kaakaa, uuzungushe taratibu, na mate kidogo yatakuja.

Swali: Rafiki yangu Malindi amenipa vidonge vya propranolol, anasema moyo hautapiga mbio. Nimeze?

Usimeze dawa ya mtu mwingine. Ni kweli madaktari huwaandikia baadhi ya watu kwa hali hii, na hupunguza mapigo na mtetemeko. Lakini kwa mwenye pumu inaweza kubana njia za hewa kwa hatari, na kwa mwenye presha ya chini au moyo unaopiga polepole inaweza kumwangusha. Nenda ukapimwe kwanza, na daktari akikuandikia, muulize kuhusu kuijaribu siku isiyo ya kikao.

Swali: Mimi hutapika siku tatu kabla, na nimeshakataa kupandishwa cheo kwa sababu ya vikao. Hatua hizi zinatosha?

Peke yake, hapana. Woga unaokunyima riziki na usingizi una tiba yake: mshauri nasaha aliyefunzwa hukupitisha kwenye ngazi kama zile za hatua ya tatu, lakini kwa mwendo mdogo zaidi, huku akizishughulikia fikra zinazokuja. Mkiwa Amu, anzeni kwa kuuliza Hospitali ya King Fahd. Ukifika, eleza kama ulivyoandika hapa: siku ngapi kabla, mwili unafanya nini, na umeacha nini kwa sababu yake.