Somo: Kumwandikia afisa ajira baada ya kukutana naye kwenye maonyesho ya ajira

Wanakikundi, habari za leo. Wengi mmeniuliza baada ya maonyesho ya ajira ya vyuo: umeongea na afisa wa kampuni, amekupa kadi, unafanya nini sasa? Nimesimama nyuma ya meza hizo kwa niaba ya waajiri kwa miaka mingi, kwa hiyo nitaeleza kwa kuangalia upande wa yule anayepokea barua yako.

Afisa anaondoka ukumbini na bahasha iliyojaa wasifu. Kutwa nzima amesikia vijana wakijieleza kwamba ni wachapakazi, wanajifunza haraka na wanapenda kufanya kazi na watu. Jioni hawezi kuwatofautisha. Wanaobaki kichwani ni wachache, na kila mmoja anakumbukwa kwa neno moja tu: yule aliyeuliza kuhusu chumba cha baridi, yule aliyewahi kuhesabu mzigo bandarini. Kazi ya barua yako ya kwanza ni kumkumbusha mazungumzo yenu yalikuwa yapi. Barua isipofanya hivyo, hata iwe na Kiswahili kizuri namna gani, itasomwa kama barua ya mtu asiyemfahamu.

Hatua ya kwanza: andika kabla hujaondoka kwenye meza hiyo

Sogea pembeni kidogo, toa simu au geuza kadi aliyokupa, uandike mambo manne: jina lake na cheo chake, jambo alilosema ambalo halipo kwenye bango wala kipeperushi, jambo aliloagiza ufanye, na jambo ulilomwahidi. Usisubiri kufika nyumbani. Ukishapita meza tano, maneno ya kampuni moja yanahamia kwenye nyingine, na hakuna kinachoharibu barua haraka kama kumkumbusha mtu jambo ambalo hakulisema yeye.

Kama hana kadi, muulize, "Naomba nikuandikie kwa anwani ipi?" Iandike mbele yake, kisha umsomee. Herufi moja ikikosewa, barua haifiki. Ukituma kwa Gmail na ndani ya dakika chache ukapata ujumbe kutoka Mail Delivery Subsystem wenye maneno Address not found, ujue anwani si sahihi. Usibahatishe anwani nyingine. Piga simu mapokezi ya kampuni, sema ulikutana naye kwenye maonyesho na unaomba kuhakikisha anwani yake.

Hatua ya pili: tuma siku ya kazi inayofuata

Maonyesho yakiwa Alhamisi, andika Ijumaa asubuhi. Yakiwa Jumamosi, andika Jumatatu. Ukikaa wiki nzima, lile neno moja linalomkumbusha wewe ni nani litakuwa limeshafifia.

Hatua ya tatu: barua yenyewe

Tuchukue mfano. Tumwite Neema, mwanafunzi wa mwaka wa mwisho wa Ununuzi na Ugavi jijini Dar es Salaam. Fildi alifanya kwenye stoo ya dawa ya hospitali ya wilaya. Kwenye maonyesho amezungumza na afisa rasilimali watu wa kampuni inayosambaza dawa, tumwite Bi. Rehema. Neema anaandika hivi:

> Mada: Maonyesho ya ajira jana: dawa zinazokaribia kuisha muda (Neema, Ugavi)
>
> Habari za asubuhi Bi. Rehema,
>
> Mimi ni Neema, mwanafunzi wa mwaka wa mwisho wa Ununuzi na Ugavi. Jana mchana kwenye meza yenu tulizungumza kuhusu dawa zinazokaa ghalani mpaka muda wake unaisha, nikakueleza tulivyopanga rafu kwenye stoo ya hospitali nilikofanya fildi, ili zinazoisha muda mapema zitoke kwanza.
>
> Ulisema kwenu shida kubwa haipo kwenye rafu, ipo siku ya kupokea mzigo, pale mpya unapoingia kabla wa zamani haujahesabiwa. Jioni nilirudia daftari langu la fildi, nikaona hata sisi hesabu nyingi zilizokataa kuoana na leja zilikuwa za siku za kupokea mzigo.
>
> Ulinieleza kwamba nafasi za utarajali hutangazwa kwenye tovuti yenu na maombi yote hupitia huko. Zikitoka nitaomba kwa utaratibu huo. Wasifu wa ukurasa mmoja ulioniomba nimeuambatisha.
>
> Nakushukuru kwa muda ulionipa.
>
> Neema
> (namba ya simu)

Angalieni ile mada. Neno "maonyesho" liko mwanzoni kabisa kwa sababu kwenye simu yanaonekana maneno machache tu ya mwanzo. Mada ya "Maombi ya kazi" anapata nyingi kila siku, na nyingi ni za watu ambao hajawahi kukutana nao.

Moyo wa barua ni aya ya pili. Hapo Neema anarudisha jambo alilosema Bi. Rehema mwenyewe, halafu anaongeza kitu kidogo alichokiona kwenye daftari lake. Hajifanyi amepata dawa ya tatizo la kampuni. Anaonyesha tu kwamba alisikiliza, akaenda kuangalia. Kama hukupata jambo la namna hiyo, tumia swali ulilomuuliza na jibu alilokupa. Njia ya kujipima ni rahisi: badilisha jina la kampuni kwenye barua yako. Kama bado inaweza kutumwa kwa kampuni nyingine bila kubadilisha kitu, basi aya ya pili bado hujaiandika.

Sasa angalieni kisichokuwemo. Neema hakuandika "nipo tayari kwa kazi yoyote". Najua sentensi hiyo inatoka wapi, kwa sababu nyumbani watu wanasubiri na mtu anataka kuonyesha hachagui kazi. Lakini afisa hana faili la "kazi yoyote". Ana faili la ghala, la mauzo, la uhasibu, la usafirishaji. Usipomwambia wewe ni wa faili lipi, hatakaa akufikirie, na barua inabaki ilipo. Vilevile hakueleza shida za nyumbani wala kuandika "naomba unisaidie nipate". Ombi hilo linamweka afisa pabaya, maana hana mamlaka ya kukupa nafasi peke yake, na njia rahisi kwake ni kunyamaza.

Kiambatisho kiwe kimoja, PDF, na jina la faili lionyeshe mwenyewe, kwa mfano `Neema_Ugavi_Wasifu.pdf`. Faili linaloitwa `scan0012.pdf` likishahifadhiwa halipatikani tena. Vyeti tuma vikiombwa. Gmail inakubali viambatisho vya hadi MB 25, lakini seva za kampuni nyingi huweka kikomo cha chini zaidi, na vyeti vilivyopigwa picha kwa simu hujaza nafasi upesi.

Mwisho, kila afisa apate barua yake. Ukiweka anwani kumi kwenye barua moja, wote kumi wataonana.

Hatua ya nne: barua zinazofuata

Usipojibiwa, usivunjike moyo. Barua ya Neema haina swali, kwa hiyo haidai jibu. Kama yako ilikuwa na swali, au afisa aliahidi kukutumia kitu, kumbusha mara moja baada ya wiki mbili hivi, kwa kujibu juu ya barua ileile ili aone mazungumzo yote. Mara moja inatosha.

Baada ya hapo, mawasiliano yanaendelezwa na habari mpya. "Nakukumbusha tu, vipi nafasi?" haina kitu kipya. Neema anaweza kuandika tena atakapomaliza ripoti yake ya fildi, au atakapofaulu mtihani wa Bodi ya Wataalamu wa Ununuzi na Ugavi, PSPTB. Sentensi tatu au nne zinatosha: nani, tulikutana wapi, nini kimebadilika, asante. Mara mbili au tatu kwa mwaka si usumbufu.

Nafasi ikitangazwa, omba kwanza kwa njia iliyotangazwa. Ukimaliza, mwandikie: "Leo nimeomba nafasi ya msaidizi wa ghala, kumbukumbu namba fulani. Tulizungumza kwenye maonyesho kuhusu upokeaji wa mzigo." Ukigeuza mpangilio huo ukamwandikia kabla ya kuomba, atakujibu uende kwenye tovuti, na umetumia barua yako bure.

Maswali ya wanachama

Mwalimu, mimi afisa alinipa namba ya simu tu. Nimwandikie WhatsApp? (Mwanza)

Ndiyo, kaka, maana ndiyo njia aliyokupa mwenyewe. Tuma saa za kazi, ujumbe mmoja uliokamilika: jina, maonyesho, mlichozungumza, asante. Usitume "Habari" peke yake ukasubiri aitikie. Usitume sauti wala kupiga bila kuomba, na namba yake usiiingize kwenye makundi.

Yule mama ni mtu mzima sana. Bila "Shikamoo" si nitaonekana sina adabu? (Morogoro)

Dada, ana kwa ana mwamkie, hilo halina mjadala. Kwenye baruapepe ya kazi, "Habari za asubuhi Bi. Fulani" ni adabu ya kutosha, na itafaa hata kama barua itapelekwa kwa mkuu wa ghala aisome. Kwenye WhatsApp, kama ulimwamkia "Shikamoo" pale mezani naye akaitikia, endelea nayo.

Tuandike kwa Kiswahili au Kiingereza? (Arusha)

Tazama matangazo yao ya kazi na lugha mliyozungumza. Kampuni nyingi hutangaza kwa Kiingereza, na hapo andika Kiingereza, kwa sababu barua yako inaweza kupelekwa kwa mtu mwingine. Mpangilio unabaki uleule wa Neema. Mkiwa mmeongea Kiswahili na matangazo yao ni ya Kiswahili, usijilazimishe.

Nilikutana na afisa wa taasisi ya serikali. Barua itanisaidia? (Dodoma)

Kwa kupata nafasi, hapana. Ajira za utumishi wa umma zinasimamiwa na Sekretarieti ya Ajira, na maombi yanapitia Ajira Portal. Afisa huyo hawezi kukuingiza kwenye usaili, na ukimwomba utamfedhehesha. Mshukuru, kisha muulize jambo analoweza kulijibu: kada yako kwenye taasisi yao inaitwaje na inadai sifa zipi. Jibu hilo litakusaidia kusoma matangazo yakitoka.

Siku mbili baada ya maonyesho nimepata ujumbe kuwa nimechaguliwa, nitume ada ya usajili. Jina la kampuni ni lilelile. (Dar es Salaam)

Usitume hata senti. Linganisha anwani au namba iliyokuandikia na ile iliyoko kwenye kadi. Kama anwani inaishia na `@gmail.com` wakati kadi ina anwani ya kampuni, hilo pekee linatosha kukufanya usimame. Kisha mwandikie afisa uliyekutana naye, kwa anwani ya kwenye kadi, umtumie picha ya ujumbe huo na kumuuliza kama umetoka kwao. Kampuni yenyewe inahitaji kujua kwamba kuna mtu anatumia jina lake.

Amenijibu "Asante, tutawasiliana." Nijibu nini? (Mbeya)

Usijibu kitu, dada. Hifadhi barua hiyo, weka tarehe ya matokeo yako ya mwisho kwenye kalenda ya simu, na siku yakitoka mjibu juu ya barua hiyohiyo ukiwa na matokeo mkononi.