Kumwandikia mteja asiyekuzoea: salamu, cheo na kimalizio

Muuza vifaa vya ujenzi wa Kisumu anayemdai mteja wa Nakuru malipo ya saruji huanza ujumbe kwa "Niaje boss" na kuumaliza kwa "Poa, tuongee baadaye". Ukitaka barua hiyo ifae kuwekwa kwenye faili la mhasibu, anza na jina la ukoo likitanguliwa na cheo: "Bw. Otieno" au "Bi. Wanjiru", kwani "Bi." humfaa mwanamke aliyeolewa na asiyeolewa, nawe huna haja ya kuuliza. Mwenye shahada ya uzamifu ni "Dkt.", na "Mhe." waachie wabunge, madiwani na wenzao, ukimpa meneja wa duka, ataona unamrairai. Usipolijua jina, tumia wadhifa: "Kwa Meneja wa Ununuzi", kisha "Bwana/Bibi".

Salamu moja yatosha, kwa mfano "Natumai u mzima", na baada yake ingia moja kwa moja kwenye ankara, tarehe na kiasi, maana kumuulizia mtu jamaa zake kabla ya deni, ingawa ni adabu tukikutana sokoni, kwenye barua huonekana kama kuzungukazunguka.

Mwishoni ndipo wengi huteleza, kwa kuwa upatanisho huvurugika: mtu mmoja huandika "Wako mwaminifu", lakini anayeandika kwa niaba ya kampuni kwenda kwa kampuni nyingine huandika "Wenu waaminifu". "Wako waaminifu" ni sahihi tu pale ambapo wengi wanamwandikia mmoja. Chini yake weka sahihi, jina kamili na wadhifa.