Somo: Kufunga folda kwa nenosiri kabla ya kuituma kwa barua pepe

Kila robo mwaka ikiisha namtumia mkaguzi wetu wa hesabu folda moja. Ndani yake mna orodha ya mikopo, karatasi za mishahara na nakala za vitambulisho vya NIDA vya wakopaji wapya. Mimi niko Morogoro, yeye yuko Dar. Zamani nilikuwa naifunga vizuri kabisa, halafu nenosiri naliandika palepale chini ya barua, eti asihangaike. Siku moja nilifungua barua pepe kwenye kompyuta ya steshenari ili nichapishe kitu, nikaondoka bila kutoka kwenye akaunti. Nimerudi kesho yake, nakuta sanduku langu liko wazi vilevile, na barua ya mkaguzi iko juu: kufuli na ufunguo wake, ukurasa mmoja. Tangu hapo nafanya hivi.

Natumia 7-Zip kwenye Windows. Ni ya bure, ipakue kwenye 7-zip.org. Njia ya Windows yenyewe ya kutengeneza zip haina mahali pa kuweka nenosiri, kwa hiyo usipoteze muda kulitafuta.

Hatua ya 1. Weka kila kitu kwenye folda moja na uipe jina lisilosema mambo. Yangu inaitwa `robo3`. Jina la faili huonekana na kila anayeiona barua, na kichwa cha barua pia hakifungwi. Ukiandika "Vitambulisho vya wakopaji" hapo juu, umeshatangaza.

Hatua ya 2. Bofya folda kwa kitufe cha kulia cha kipanya. Kwenye Windows 11 huenda ukahitaji kubofya kwanza `Show more options`. Chagua `7-Zip`, kisha `Add to archive...`.

Hatua ya 3. Dirisha litafunguka. Kwenye `Archive format` chagua `7z`. Kwenye kisanduku cha `Encryption` andika nenosiri mara mbili, halafu weka tiki kwenye `Encrypt file names`. Tiki hii wengi huiruka. Bila hiyo yaliyomo yamefungwa kweli, ila mtu yeyote akifungua faili anasoma orodha ya majina yote: nani kakopa, nani kaleta kitambulisho. Hajaona ndani, lakini ameshajua nusu ya habari.

Ukilazimika kutumia `zip` badala ya `7z`, angalia `Encryption method`. Ikiwa imeandikwa `ZipCrypto`, badilisha iwe `AES-256`. ZipCrypto ni kufuli la zamani ambalo njia za kulivunja zinajulikana. Tena kwenye `zip` ile tiki ya kuficha majina haipo.

Wa Linux, amri ni hii:

```
7z a -mhe=on -p robo3.7z robo3
```

Usiandike kitu baada ya `-p`. Itakuuliza nenosiri yenyewe, na hivyo halitabaki kwenye kumbukumbu ya amri zako.

Hatua ya 4. Nenosiri lenyewe. PIN ya simu ya tarakimu nne inatosha kwa sababu ukikosea mara chache simu inakufungia. Faili halina mlinzi wa namna hiyo. Aliyelipata analo kwake, anaweka programu ijaribu usiku kucha. Tarakimu sita ni majaribio milioni moja tu, na mwaka wa kuzaliwa ndio kabisa.

Mimi nafungua kamusi bila kuchagua ukurasa na kuchukua maneno matano, mfano `kinu-tarishi-pweza-ghala-mbono`. (Huo ni mfano, msiuchukue.) Faida yake utaiona kwenye simu: maneno ya Kiswahili unayatamka, mwenzako anayaandika, hakuna "herufi kubwa au ndogo?" Ruka tu maneno yenye ng', kama ng'ombe. Alama ile ya juu ikiandikwa kwa simu mara nyingine hutoka imepinda, ikiandikwa kwa kompyuta hutoka imenyooka. Kwa macho ni kitu kimoja, kwa 7-Zip ni nenosiri tofauti. Sisi ilitugharimu asubuhi nzima.

Hatua ya 5. Jaribu kabla ya kutuma. Funga madirisha yote, kisha bofya `robo3.7z` kwa kitufe cha kulia, chagua `7-Zip`, halafu `Open archive`. Likidai nenosiri kabla ya kuonyesha chochote, sawa. Likionyesha majina kwanza, ile tiki hukuiweka. Ingiza nenosiri, fungua hati moja mpaka uisome.

Hatua ya 6. Ambatisha faili, tuma, na katika barua usiseme neno lolote kuhusu nenosiri zaidi ya "nitakupigia".

Hatua ya 7. Piga simu. Tumia namba uliyokuwa nayo siku zote, si ile iliyoandikwa chini ya barua aliyokutumia, maana aliyeingia kwenye akaunti yake anaweza kuibadilisha namba hiyo pia. Sauti unaitambua. Mwambie maneno, akurudishie neno kwa neno, subiri afungue ukiwa bado hewani.

Maswali ya wanachama

Mkuu, Gmail imenikatalia faili. Inasema limezuiwa kwa sababu za usalama.
Gmail hukagua vilivyomo ndani ya faili lililobanwa, na isipoweza hata kusoma orodha ya majina inaweza kulikataa. Una njia mbili. Liweke kwenye Google Drive na umpe ruhusa mtu mmoja huyo kwa anwani yake, au ondoa tiki ya majina ila kwanza ubadilishe majina ya faili yawe 01, 02, 03. Ukizidi MB 25 utalazimika kwenda Drive tu.

Mimi mpokeaji ana simu tu. Atafungua?
Kwenye Android aweke ZArchiver, inafungua 7z yenye nenosiri. Mwenye Mac atumie Keka.

Nilimtumia zip ya AES, Windows yake ikaleta `0x80004005`. Nenosiri nimekosea?
Hapana, dada. Kosa hilo hutokea Windows yenyewe inapojaribu kufungua zip ya AES isiyoielewa. Aweke 7-Zip. Nenosiri likiwa si lenyewe, 7-Zip huandika `Wrong password?`.

Naweza kutuma nenosiri kwa WhatsApp?
Ni bora mara nyingi kuliko barua pepe ileile. Ila muulize kama WhatsApp yake imefunguliwa pia kwenye kompyuta ya ofisi, ileile yenye barua pepe. Kama ndiyo, njia mbili zimekuwa moja, anayekaa kwenye kiti hicho anapata zote. Hapo piga simu.

Tukubaliane nenosiri moja la mwaka mzima, si rahisi zaidi?
Rahisi, ndiyo. Lakini likivuja Oktoba, linafungua na ya Januari iliyolala kwenye sanduku la barua. Mimi kila robo nabadilisha.

Nikilisahau?
Hakuna wa kumpigia, hata waliotengeneza 7-Zip hawana ufunguo wa akiba. Folda ya awali usiifute mpaka mwenzako athibitishe amefungua. Ila kumbuka hiyo ya awali bado iko wazi kwenye mashine yako, na yake akishaitoa iko wazi kwake. Tulichofunga ni safari tu. Mkaguzi wangu nimemwomba afute nakala iliyofunguliwa akimaliza kazi, na huwa namuuliza.