Somo: jinsi ya kukagua vitenzi vya aya moja visirukeruke wakati

Wadau, leo tushike kitu kimoja tu. Mtu anaandika stori ya jana, anaanza vizuri na -li-, akifika sentensi ya pili tayari yuko kwenye -na-, ya tatu -me-, na msomaji hajui tena kama jambo limeisha au bado linaendelea. Tutumie aya hii:

"Jana jioni Asha alirudi nyumbani, anafungua mlango, ameona taa zinawaka. Aliita mara mbili lakini hajajibiwa. Akaingia jikoni, akakuta mtu amekula chakula chote na ataondoka."

Hatua ya kwanza, tafuta neno linalobeba wakati. Hapa ni "jana jioni". Kama aya haina neno kama hilo basi kitenzi cha kwanza ndo nanga yenu, hapa "alirudi".

Hatua ya pili, toa vitenzi vyote uviweke peke yake kwa mstari: alirudi, anafungua, ameona, zinawaka, aliita, hajajibiwa, akaingia, akakuta, amekula, ataondoka. Usiruke hii hatua, maana ukisoma aya nzima unavutwa na stori na jicho linapita juu ya kosa bila kuliona.

Hatua ya tatu ndo yenye kazi. Kila kitenzi kiulize: wewe ni tukio linalofuata lile la kabla, au ni hali iliyokuwepo wakati huo, au ulishatokea kabla? Asha alirudi, kisha mlango, kisha kuona, hayo ni matukio yanayofuatana, kwa hiyo -li- inafungua na -ka- inaendeleza: alirudi, akafungua, akaona. Ungeweza kuandika alirudi, alifungua, aliona, sio kosa, ila yanasomeka kama orodha, -ka- ndo inayomwambia msomaji hiki kilikuja baada ya kile. Kwa sababu hiyo hiyo "aliita" naibadilisha iwe "akaita".

Sasa "zinawaka" mtu ataiona -na- ataifuta haraka haraka. Iache! Haisemi taa zinawaka leo, inasema zilikuwa zinawaka pale Asha alipoona, yaani wakati wake unapimwa na "akaona". "Amekula" nayo hivyo hivyo, mtu alishamaliza kula kabla Asha hajaingia, na athari ipo, sufuria tupu. "Ataondoka" ndo haiwezekani kama mtu keshatoka, iwe "ameondoka".

Hatua ya nne, vikanushi, na hapa wengi wanateleza. Kikanushi cha -li- ni -ku-, cha -me- ni -ja-. "Hajajibiwa" inamaanisha mpaka sasa hivi bado, na sisi tuko jana, kwa hiyo "hakujibiwa". -ka- haina kikanushi chake yenyewe, ndo maana katikati ya mnyororo unachukua "hakujibiwa" au "asijibiwe", zote safi.

Ikawa hivi:

"Jana jioni Asha alirudi nyumbani, akafungua mlango, akaona taa zinawaka. Akaita mara mbili lakini hakujibiwa. Akaingia jikoni, akakuta mtu amekula chakula chote na ameondoka."

MASWALI

Swali: Mwalimu, nikiandika "akakula" nasahihishwa, ila "alikula" naachiwa. Kwa nini?
Jibu: Kitenzi cha silabi moja kinabaki na ku- kwenye -li-, -na-, -me- na -ta-: alikula, anakula, amekula, atakula. Kwenye -ka- na -ki- ile ku- inadondoka: akala, akila. Kwa hiyo ukibadilisha -li- kuwa -ka- angalia pia kula, kunywa, kuja, kufa.

Swali: Mnyororo wa -ka- unaweza kwenda mpaka wapi?
Jibu: Mpaka muda uruke. Ukiandika "wiki iliyofuata" au ukirudi nyuma kuelezea kilichotangulia, weka nanga mpya. Kurudi nyuma nenda na "alikuwa ame-": "Alikuwa amemwachia jirani funguo." Ukiweka "akamwachia" hapo msomaji ataelewa aliziacha baada ya kukuta jikoni patupu, stori imegeuka.

Swali: Na ya kesho je? Mimi naandika "nitaenda benki nikatoa hela".
Jibu: "Nikatoa" ni jambo lililokwisha, haliwezi kukaa nyuma ya "nitaenda". Andika "nitaenda benki nitoe hela" au "nikatoe hela". Angalia herufi ya mwisho kaka, ni -e, hiyo ndo inayoonyesha bado hujatoa.

Swali: "Niliwaona wanacheza" na "niliwaona wakicheza", ipi sahihi?
Jibu: Zote. Mimi kwenye maandishi napenda -ki-, maana aya ikiwa ndefu -na- inaweza kumfanya mtu adhani umerudi wakati uliopo.