Sola inachaji mchana kutwa, betri inaisha usiku: pima hivi kabla hujanunua betri mpya

Malalamiko haya nayapokea karibu kila wiki: "Fundi, paneli ni nzima, taa ya kijani inawaka toka asubuhi, lakini saa nne usiku inveta inalia na nyumba inaingia giza." Mwenye nyumba anakuwa ameshaambiwa na mtu anunue betri nyingine, au aongeze paneli. Mara nyingi hakuna kimoja kati ya hivyo kinachohitajika, na inauma kuona mtu anatoa pesa ya mahindi kununulia betri inayokuja kufa kwa ugonjwa uleule.

Ile taa ya kijani inakwambia kwamba paneli ina volti. Haikwambii ni ampea ngapi zimeingia kwenye betri. Kwa hiyo tunapima wenyewe, na multimita ya kawaida inatosha. Ninayoeleza hapa ni ya betri za risasi na asidi za volti 12, zile ambazo nyumba nyingi zinatumia. Kama yako ni ya lithiamu, usitumie namba hizi, kwa sababu volti yake haishuki kwa mpangilio huu.

Hatua ya 1: Pima jioni, pima tena asubuhi

Jua likishazama, toa waya za paneli kwenye kontrola, kile kisanduku kinachopokea umeme wa paneli na kuchaji betri, kwanza, halafu ndipo utoe waya za betri. Fuata mpangilio huo kila mara, maana kontrola nyingine zinaungua paneli ikibaki imeunganishwa bila betri. Wakati wa kurudisha unaanza na betri, paneli inafuata. Zungushia spana yako utepe wa umeme na uvue pete, kwa sababu chuma kikigusa vichwa vyote viwili vya betri kinageuka moto papo hapo.

Iache betri ipumzike saa mbili bila kitu chochote, kisha pima kwenye vichwa vyake. Ukipata 12.6 hadi 12.8 imejaa. 12.2 ni karibu nusu. 12.0 kushuka chini, imekaribia kwisha. Andika namba hiyo, lala na taa ya tochi usiku huo mmoja, na upime tena alfajiri kabla hujaunganisha kitu.

Namba hizo mbili ndizo zinazokuonyesha njia. Ikiwa jioni ilikuwa 12.7 na alfajiri imeshuka hadi 12.3 bila kuwasha hata taa, betri inajila yenyewe ndani. Mara nyingi seli moja imekufa, na hapo kweli ni kubadilisha. Ikiwa jioni 12.7 na asubuhi bado 12.7, nenda hatua ya 3. Ikiwa jioni tayari ni 12.2 au 12.3, betri haijawahi kujaa, na kosa liko mchana.

Hatua ya 2: Pima mchana sehemu mbili

Hii ndiyo hatua ambayo mafundi wengi wanairuka, na ndiyo iliyofumbua kazi moja niliyoifanya huko Korogwe. Nyumba ilikuwa na paneli mbili za wati 100, betri ya ampea-saa 100, kontrola, na inveta ya televisheni. Jioni betri ilisoma 12.3. Mzee mwenye nyumba akanionyesha kontrola: "Tazama mwanangu, hapa inaandika 14.3 kila adhuhuri, betri imejaa." Na kweli ilikuwa inaandika hivyo.

Saa sita mchana nikapima kwenye kontrola, pale waya za betri zinapoingia: 14.3. Nikaenda chumba cha pili ilipo betri, nikapima kwenye vichwa vyake: 13.4. Volti 0.9 zilikuwa zinapotea njiani.

Kontrola ilikuwa imefungwa sebuleni ili ionekane vizuri, betri iko stoo, na katikati kuna mita 6 za waya wa nyumba, ule wa milimita 2.5 za mraba. Umeme unakwenda na kurudi, kwa hiyo hesabu mita 12. Waya huo wa shaba una ukinzani wa kama omu 0.0074 kwa kila mita. Paneli zilikuwa zinaleta ampea 10:

```
12 m x 0.0074 = 0.09 omu
0.09 omu x 10 A = 0.9 V
```

Hasara yote ilikuwa kwenye waya. Kibaya zaidi, kontrola inaamini volti inayoiona yenyewe. Ikiona 14 na kitu inadhani betri imekaribia kujaa, inaanza kupunguza ampea, na betri huko stoo bado ina njaa. Jua linazama kabla haijashiba. Kesho vivyo hivyo.

Ukikuta tofauti inayozidi volti 0.2 kati ya sehemu hizo mbili, tafuta imelala wapi. Kaza skrubu zote, fungua kishikio cha fyuzi uangalie kutu au plastiki iliyoyeyuka, safisha ukungu wa kijani kwenye vichwa vya betri. Kama waya wenyewe ndio mwembamba, usihangaike na kitu kingine. Pale Korogwe niliihamishia kontrola stoo, mita moja kutoka kwenye betri, kwa waya wa milimita 6 za mraba. Hasara ikashuka chini ya volti 0.1. Urefu uliobaki uende upande wa paneli, ambako volti kidogo ikipotea haiidanganyi kontrola.

Kama namba zote mbili zinalingana lakini mchana mzima hazifiki 14, hapo ampea zenyewe ni chache. Angalia vumbi, angalia kivuli cha mwembe saa tisa, au kubali kwamba matumizi yamezidi paneli.

Hatua ya 3: Betri inajaa, lakini haishiki

Dalili yake ni kontrola kuonyesha imejaa mapema mno, saa tatu asubuhi, ilhali usiku inveta ililia. Betri iliyolala na njaa miezi mingi inaganda salfeti kwenye bamba zake za risasi, na nafasi ya kuweka chaji inapungua. Volti inapanda haraka na kushuka haraka.

Ipime kwa kazi. Ikiwa imejaa na imepumzika, iwashie balbu ya taa ya mbele ya gari, wati 55, moja kwa moja kwa saa nne. Hiyo imekula ampea-saa kama 18. Zima, subiri saa moja, pima. Betri nzima ya ampea-saa 100 itasoma 12.4 au zaidi. Ikiwa balbu imefifia na volti imeshuka chini ya 11.5 kabla ya saa nne kwisha, betri imechoka.

Kama imefaulu, mla chaji yuko ndani ya nyumba, na wa kwanza kumshuku ni inveta. Hata bila kitu kilichochomekwa, nyingi zinakula ampea moja hivi. Kutoka saa 12 jioni hadi saa 12 asubuhi ni ampea-saa 12 zimekwenda bure. Zima swichi yake mkishazima televisheni.

Kwa mzee wa Korogwe, siku ya tatu baada ya kuhamisha kontrola betri ilisoma 12.7 jioni. Ile balbu iliwaka saa nne, na baada ya kupumzika ikasoma 12.3: imepungua nguvu kwa njaa ya muda mrefu, lakini inatosha taa na taarifa ya habari. Betri mpya aliyokuwa ameshaiulizia bei dukani hakuinunua.