Pochi ya ngozi: ipige picha kando ya dirisha

Pochi ya ngozi ukiipiga kwa flashi ya simu, vipele vya ngozi vinapotea na mteja anadhani ni plastiki. Vipele hivyo huonekana kwa vivuli vyake tu, na mwanga unaotoka mbele hauachi kivuli. Zima flashi na taa za chumbani, kisha weka pochi kando ya dirisha lisiloingiza jua moja kwa moja, mwanga uiguse kutoka ubavuni.

Sasa vyuma. Bizimu inayong'aa ni kioo, inaonyesha chochote kilicho mbele yake. Niliwahi kupiga pochi nyeusi nikiwa na fulana nyekundu, mteja akauliza kama vyuma vina rangi mbili! Vaa nguo isiyo na rangi kali, shika manila nyeupe upande usio na dirisha, uisogeze taratibu huku ukitazama skrini mpaka mstari mweupe utokee kwenye bizimu. Ukiisogeza karibu mno, itafuta vile vivuli vya ngozi, basi irudishe nyuma kidogo.

Bitana ipigie picha yake peke yake. Toa karatasi za kujazia, fungua zipu, elekeza mdomo wa pochi dirishani, halafu gusa skrini palepale kwenye bitana ili simu ipime mwanga wa ndani. Ngozi ya nje itapauka kwenye picha hiyo, lakini umeshaionyesha kwenye ile ya kwanza.