Kumpangia mgonjwa mahututi maungamo, mpako au talkini wodini, milango ikiwa imefungwa

Nimefanya kazi ya uuguzi wodini kwa miaka mingi, na jambo lililoniuma mara nyingi kuliko yote ni padre kufika mgonjwa akiwa ameshapoteza kauli. Anapaka mafuta, familia inashukuru, lakini yule mzee aliyekuwa akisema tangu juzi kwamba ana jambo la kuungama anaondoka nalo. Mara nyingi sababu si ukali wa hospitali. Familia ilisubiri hadi dakika ya mwisho, halafu ikaanza kubembeleza getini.

Hatua ya 1: Jua ni ibada ipi inahitaji sauti ya mgonjwa, na ipi inahitaji mtu maalumu

Kwa Mkatoliki mambo ni matatu, na kila moja lina mlango wake unaofungwa kwa wakati wake. Kitubio kinahitaji padre, na mgonjwa anayeweza kuonyesha majuto yake, hata kwa kutikisa kichwa au kubana mkono. Huu ndio mlango unaofungwa mapema zaidi. Komunyo ya mwisho inahitaji mgonjwa anayemeza. Yaweza kuletwa na mhudumu wa Komunyo asiye padre, na kipande kidogo kabisa cha hostia kinatosha. Mpako wa Wagonjwa ndio unaosubiri zaidi: asiye na fahamu anaweza kupakwa, mradi ni mtu ambaye angeuomba kama angekuwa na fahamu zake. Lakini hapo lazima awe padre au askofu. Shemasi hawezi, katekista hawezi.

Kwa Mwislamu hesabu inabadilika. Toba ni baina yake na Mola wake, hakuna wa kumsikiliza. Talkini, yaani kumkumbusha shahada anayekata roho, na kisomo anaweza kuvifanya Mwislamu yeyote, hivyo mwanawe aliyekwisha ruhusiwa kukaa kitandani anatosha. Nimeona familia ikipoteza saa nzima kugombea sheikh aingie, huku kijana anayeijua shahada vizuri amesimama pale pale, kashika mfuko wa nguo.

Hatua ya 2: Muulize mgonjwa, kisha iandikwe

Muulize akiwa macho, mkiwa wawili: "Baba, ungependa padre aje?" Wengi huogopa kwamba swali hilo litamwambia anakufa. Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulisema mwaka 1963 kwamba mpako huu si wa wanaokata roho tu, na kwamba unafaa zaidi kuitwa Mpako wa Wagonjwa. Wakati wake unafika mara mtu anapoanza kuwa hatarini kwa ugonjwa au uzee. Hali ikizidi kuwa mbaya, unaweza kurudiwa.

Akikubali, nenda kwa msimamizi wa wodi mchana, si kwa muuguzi wa usiku wala kwa mlinzi. Omba iandikwe katika faili na isemwe wakati wa kukabidhiana zamu: dini yake, anataka nini, nani aitwe, kwa namba gani, na kwamba aruhusiwe kuingia nje ya saa za kutembelea. Ombi la mdomo linaondoka na zamu iliyolisikia. Uliza pia kama hospitali ina padre au imamu wake, maana huyo kwa kawaida anajulikana getini na hahesabiwi kama mgeni wa mgonjwa.

Hatua ya 3: Chagua saa

Mwulize muuguzi ni saa ngapi mgonjwa huwa na akili timamu zaidi. Anayepewa mofini au dawa ya kutuliza mara nyingi huwa na saa zake za kuamka. Usiombe dawa ya maumivu icheleweshwe ili aungame, isipokuwa mgonjwa mwenyewe ametaka na daktari amekubali. Epuka saa ya raundi ya madaktari na saa ya kubadilisha shuka.

Pumzi zinazokatika kisha kurudi, koo linalokoroma, mikono na miguu yenye baridi na mabaka: ukiyaona hayo usingoje saa nzuri. Piga simu sasa.

Hatua ya 4: Dakika kumi nyuma ya pazia

Mzee mmoja alikuwa na mashine ya oksijeni, wodi ina vitanda vilivyobanana, na sheria ni mgeni mmoja tu. Mkewe alikuwa ameomba tangu asubuhi. Padre alipofika saa mbili usiku, jina lake lilikuwa kwenye daftari la zamu na aliingia bila ubishi. Mke ndiye aliyekuwa mgeni mmoja, kwa hiyo alitoka nje kumpisha. Tulivuta pazia. Nilimwomba padre asiwashe mshumaa, kwa sababu moto na oksijeni havikai pamoja, naye hakuuhitaji. Aliinamisha sikio karibu na kinywa. Maungamo ya mahututi yanaweza kuwa maneno mawili, na kitanda cha jirani hakina haki ya kuyasikia. Kisha alimpaka katika paji la uso na mikononi. Mkono wa kushoto ulikuwa na dripu, akapaka pembeni ya plasta. Mzee alikuwa bado anameza, akapewa chembe ya hostia na kijiko cha maji. Mke akarudi kwa sala ya mwisho. Yote yalichukua kama dakika kumi na mbili.

Kwa talkini, lowesha kwanza midomo kwa pamba yenye maji, baada ya kumwuliza muuguzi. Tamka "Laa ilaaha illa Allah" kwa upole karibu na sikio. Usimwambie "Sema!" Mtu mwenye maumivu anaweza kuchoka akakataa. Akishatamka, nyamaza. Akizungumza neno jingine baadaye, mkumbushe tena. Kumwelekeza kibla ni vizuri, lakini kitanda kilichofungwa na mirija kisisukumwe. Geuza uso kidogo ikiwezekana, la sivyo mwache alivyo.

Maswali ya wanachama

*Shikamoo mama. Padre akikataliwa kabisa, anaweza kumuungamisha baba kwa simu?*

Marahaba mwanangu. Hapana, Kanisa halikubali maungamo ya simu. Padre anaweza kusali naye kwa simu, nawe msomee baba sala ya kutubu polepole. Kanisa linafundisha kwamba majuto kamili yatokayo katika kumpenda Mungu, pamoja na nia ya kuungama mara itakapowezekana, huleta msamaha hata wa dhambi za mauti. Wakati huo endelea kumwomba msimamizi.

*Bibi haongei lugha ya padre, na mjukuu ndiye mkalimani. Siri itakuwaje?*

Mkalimani naye anafungwa kuitunza siri ile. Lakini mjukuu si chaguo zuri, kwa sababu bibi atameza maneno mbele yake. Tafuta mtu asiye wa familia, au mwambie padre: bibi anaweza kuonyesha majuto kwa ishara.

*Mama yuko chumba cha kutengwa kwa maambukizi. Padre ataruhusiwa kumgusa?*

Mara nyingi ndiyo, akivaa gauni, barakoa na glovu, akielekezwa na muuguzi. Kukiwa na sababu nzito Kanisa linaruhusu apake kwa kutumia kifaa, kwa mfano pamba. Mpako mmoja wa paji la uso unatosha penye dharura. Pamba hiyo inabaki humo na kuteketezwa pamoja na taka za chumba.

*Dada, niko kwenye hedhi na ndiye peke yangu niliyeruhusiwa kukaa na mama. Nifanyeje?*

Mlakinie bila wasiwasi. Shahada, dhikri na dua hazizuiliwi. Kuhusu kusoma Yasini, wanazuoni wengi humzuia mwenye hedhi kusoma Qur'ani, kwa hiyo mwekee kisomo cha simu kwa sauti ya chini, spika ikiwa kwenye mto wake. Ukisikia pumzi zinabadilika, zima, umrudie sikioni mwenyewe.